Mchakato Uliofichwa na Mchakato Uliokufa: Mafunzo ya Kuchunguza Nakala ya Kumbukumbu kwa Volatility

*Hotuba iliyotolewa kwa washiriki wa mafunzo ya uchunguzi wa kidijitali, Dodoma, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.*

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, ndugu washiriki, habari za asubuhi.

Jana jioni, wakati wengi wenu mmekwishafunga kompyuta zenu, nilisoma taarifa fupi mlizoziandika kuhusu nakala ya kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, tuliyowapa. Karibu kila taarifa ilikuwa na sentensi inayosema kwamba mashine ina michakato minne iliyofichwa, yaani programu nne zinazofanya kazi bila kuonekana kwenye orodha ya mfumo. Namba hiyo mliipata kwa njia moja, kwa amri mbili za Volatility, programu yetu ya kuchunguza kumbukumbu: `pslist` ilitoa mistari 38, `psscan` ikatoa mistari 42, mkatoa ndogo kwenye kubwa. Hesabu yenu ni sahihi, lakini tafsiri yake si sahihi. Katika ile minne, uliofichwa ni mmoja tu, na ningependa asubuhi hii tuipitie yote minne taratibu, kwa sababu kosa hili nimewahi kulifanya mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika rasimu ya taarifa kwamba mchakato fulani ulifichwa na mvamizi, na mwenzangu aliyeipitia akanionyesha kwa kidole safu ya mwisho ambayo sikuisoma: mchakato ule ulikuwa umekwisha kufa saa nzima kabla ya nakala kuchukuliwa. Rasimu ilirudi kwangu ikiwa na mstari mwekundu, na bahati yangu ni kwamba ilikuwa bado rasimu.

Tuanze na sababu inayozifanya amri hizi mbili zitofautiane. Kila mchakato ndani ya Windows una rekodi yake katika kiini cha mfumo endeshi, rekodi inayoitwa `_EPROCESS`. Ndani ya rekodi hiyo mna namba ya mchakato, jina lake, muda wa kuanza, muda wa kuisha, na sehemu iitwayo `ActiveProcessLinks`, ambayo ina anwani mbili: `Flink` inayoelekeza kwa jirani wa mbele na `Blink` inayoelekeza kwa jirani wa nyuma. Rekodi zote zimeunganishwa hivyo kama mabehewa ya treni, na mwanzo wa mnyororo ni kichwa kinachoitwa `PsActiveProcessHead`. Amri ya `pslist` ni kama kondakta anayetembea ndani ya treni kutoka behewa hadi behewa, kwa hiyo anaweza kuhesabu tu yale yaliyounganishwa. Amri ya `psscan` haitembei ndani ya treni hata kidogo. Yenyewe huipitia nakala nzima ya kumbukumbu ikitafuta umbo la behewa popote lilipo, hata lile lililoachwa kwenye reli ya pembeni pale stesheni. Hufanya hivyo kwa sababu kiini kinapogawa kipande cha kumbukumbu hukibandika lebo ya herufi nne, na lebo ya rekodi za michakato ni `Proc`.

Mvamizi mwenye uwezo wa kuandika ndani ya kiini, kwa kawaida kupitia draiva aliyoipakia, anaweza kumwambia jirani wa nyuma amshike jirani wa mbele, na jirani wa mbele amshike wa nyuma, kisha behewa la katikati likabaki nje ya mnyororo. Mbinu hii ilijulikana sana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia rutikiti, yaani programu ya kuficha uvamizi, iliyoitwa FU. Mtu akifungua Task Manager haoni kitu. Hata hivyo mchakato unaendelea kufanya kazi, na hapa ndipo mfano wangu wa treni unapofikia kikomo chake, maana behewa lililofunguliwa hubaki limesimama. Windows haigawi zamu za kichakataji kwa kufuata orodha ya michakato. Inagawa kwa nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji iliyomo ndani ya mchakato, na nyuzi zina orodha zake. Mchakato ukiondolewa kwenye orodha, nyuzi zake zinaendelea kupata zamu kama kawaida. Naomba mlishike jambo hili la nyuzi, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye nakala yetu. Ilichukuliwa kutoka mashine pepe ya Windows 7 ya biti 32 yenye kumbukumbu ya GB 1, kwa kutumia programu ya `winpmem` iliyoendeshwa ndani ya mashine yenyewe wakati inafanya kazi. Tungeweza kuisimamisha mashine pepe na kuchukua kumbukumbu yake ikiwa imetulia, na matokeo yangekuwa safi zaidi. Tulikataa kwa makusudi, kwa kuwa ofisini mtakutana na seva ambazo hakuna atakayewaruhusu kuzisimamisha. Wale ambao jana Volatility 3 iliwagomea kwa kudai alama za kiini, yaani maelezo ya jinsi rekodi za kiini zilivyopangwa, tatizo halikuwa nakala. Programu huzitafuta alama hizo kwenye seva ya Microsoft kwa kufuata toleo kamili la kiini, na intaneti ya ukumbi huu ilikuwa imekatika. Faili la alama sasa liko kwenye kila kompyuta.

Badala ya kulinganisha kwa macho, andikeni hivi:

```
vol -q -r csv -f darasa.raw windows.pslist | cut -d, -f2,4,10 | sort > a.txt
vol -q -r csv -f darasa.raw windows.psscan | cut -d, -f2,4,10 | sort > b.txt
comm -13 a.txt b.txt
```

Tunachukua namba ya mchakato, jina na muda wa kuanza kwa pamoja, kwa kuwa Windows hutumia tena namba za michakato iliyokwisha kufa, na anayelinganisha namba peke yake anaweza kumchukua marehemu akadhani ni aliye hai. Amri ya mwisho inatoa mistari minne: `conhost.exe`, `SearchFilterHo`, `taskhost.exe` yenye namba 3104, na `svchost.exe` yenye namba 2316. Kuna mshiriki aliyeandika kwamba jina `SearchFilterHo` linatia shaka kwa kuwa limekatwa. Halitii shaka. Sehemu ya jina ndani ya rekodi ina nafasi ya baiti 15 tu, na jina refu hukatwa na Windows yenyewe.

Hiyo miwili ya kwanza inatuchukua dakika moja. Rudini kwenye matokeo kamili ya `psscan`, msome safu ya `ExitTime` na safu ya `Threads`. Yote miwili ina muda wa kuisha, na idadi ya nyuzi ni sifuri. Mchakato ukifa, kiini huuondoa kwenye orodha na kukiachia kipande chake cha kumbukumbu, lakini hakikifuti. Maandishi yanabaki pale hadi mwingine apewe nafasi hiyo, na `psscan` huyaokota pamoja na lebo yake. Huu ndio mchakato uliokufa, na katika mashine yenye shughuli nyingi mtaikuta makumi. Tahadhari niliyo nayo ni moja tu: anayeweza kukata viungo anaweza pia kuandika muda wa kuisha wa uongo, ili mchunguzi aupite mchakato wake akidhani ni maiti. Ndiyo maana nasema zisomwe safu mbili na si moja. Mchakato unaodai kufa lakini una nyuzi tatu zinazofanya kazi haujafa.

Mchakato wa tatu, `taskhost.exe`, ndio uliowachanganya wengi, na wala siwalaumu. Hauna muda wa kuisha, una nyuzi, na kwenye `pslist` haumo. Kwa sura unafanana kabisa na uliofichwa. Hebu tazameni muda wake wa kuanza: 08:14:41. Kisha tafuteni `winpmem.exe` kwenye orodha, muone ilianza lini: 08:14:20. Saa hizo ni za UTC, kama Volatility inavyozionyesha daima, kwa hiyo hapa Dodoma ilikuwa saa tano na dakika 14 asubuhi. Andikeni katika taarifa zenu ni saa zipi mnazotumia, maana nimeona taarifa ya jana iliyochanganya tatu: ya UTC, ya Afrika Mashariki, na ya Kiswahili.

Kunakili GB 1 katika mashine ile kulichukua zaidi ya sekunde 40, na muda huo wote Windows haikusimama kutusubiri. `taskhost.exe` ilizaliwa sekunde 21 baada ya kunakili kuanza. Ilipozaliwa, kurasa za kumbukumbu zenye jirani yake wa nyuma na zile zenye kichwa cha orodha zilikuwa zimeshanakiliwa zikiwa na hali ya zamani, ilhali ukurasa wenye rekodi yake ulinakiliwa baadaye. Ni kama kupiga picha ya familia kipande kwa kipande kuanzia kushoto: mtoto akifika katikati ya kazi, picha itamwonyesha akiwa amemshika mkono mama yake, wakati mama upande wa pili wa picha anaonekana akiwa peke yake. Hakuna aliyemficha mtoto. Wachunguzi wengi huita hali hii kuchafuka kwa nakala, na dalili yake ya kwanza ni hiyo ya muda: mchakato ulioanza kabla ya programu ya kunakili hauwezi kukosekana kwa sababu ya kuzaliwa katikati ya kunakili.

Dalili ya pili iko kwenye viungo vyenyewe, na ndiyo inayotupeleka kwa mchakato wa nne. Fungueni `volshell`, mwangalie rekodi ya `svchost.exe` namba 2316 moja kwa moja:

```
volshell -w -f darasa.raw
dt('_EPROCESS', 0x8563a030)
```

Katika matokeo, `ActiveProcessLinks` iko umbali wa `0xb8` kutoka mwanzo wa rekodi, na ndani yake `Flink` ni `0x8571d460` na `Blink` ni `0x85a1f880`. Hapa wanafunzi hukosea karibu kila mara, kwa kuzichukua anwani hizi kana kwamba ni mwanzo wa rekodi ya jirani. Kiungo hakielekezi kwenye mwanzo wa rekodi. Kinaelekeza kwenye kiungo cha jirani, yaani kulabu hushika kulabu, haishiki mlango wa behewa. Lazima mtoe `0xb8` kwanza, na mkitoa mtapata rekodi mbili: ya mbele iko `0x8571d3a8`, nayo ni `notepad.exe`, na ya nyuma iko `0x85a1f7c8`, nayo ni `SearchIndexer.` ambayo jina lake limekatwa vilevile.

Waulizeni sasa majirani. `Flink` ya `SearchIndexer.` inasema `0x8571d460`, yaani inamshika `notepad.exe` moja kwa moja. `Blink` ya `notepad.exe` inasema `0x85a1f880`, yaani inamshika `SearchIndexer.` moja kwa moja. Mchakato wetu bado unawakumbuka majirani zake wote wawili, lakini majirani wote wawili hawaujui tena, na wameshikana wenyewe kwa wenyewe bila pengo. Tazameni pia mpangilio wa muda. `SearchIndexer.` ilianza 07:51:30, `svchost.exe` yetu 07:52:09, na `notepad.exe` 07:53:02. Mchakato mpya huunganishwa mwisho wa orodha. Ilipozaliwa `notepad.exe`, mwisho wa orodha ulikuwa `svchost.exe`, kwa hiyo kiungo chake cha nyuma kiliandikwa kikielekea huko. Leo hakielekei huko, na mchakato uliokuwa pale haujafa. Kuna mtu aliyekiandika upya baada ya 07:53:02 na kabla ya ukurasa ule kunakiliwa. Kwa `taskhost.exe` picha ni tofauti kabisa: jirani yake ni mchakato wa mwisho kabisa katika orodha, `winpmem.exe` yenyewe, na kiungo cha mbele cha huyo kinaelekea kwenye kichwa cha orodha, kama kilivyokuwa kabla mtoto hajazaliwa.

Niongeze kwamba si kila rutikiti itawaachia kumbukumbu hii ya majirani. Iliyoandikwa kwa uangalifu huugeuza mchakato uliofichwa ujielekeze wenyewe, `Flink` na `Blink` zote zikiwa na anwani ya kiungo chake mwenyewe, kwa sababu mchakato wenye viungo vya zamani ukifa, kiini kitajaribu kuuondoa kwenye orodha kwa kuandika juu ya majirani ambao huenda hawapo tena, na mashine inaweza kuanguka kwa skrini ya bluu. Mkikuta mchakato ulio hai unaojishika mwenyewe kwa mikono yote miwili, hiyo nayo ni dalili nzito.

Tukishajua kwamba umefichwa, tunataka kujua unafanya nini, na hapa kuna mtego ambao jana uliwanasa wawili kati yenu. Waliandika hivi:

```
vol -f darasa.raw windows.cmdline --pid 2316
```

Jibu lilikuwa vichwa vya safu bila mstari hata mmoja, nao wakaandika kwamba mchakato hauna amri iliyouanzisha. Hapana, ndugu zangu. Amri hiyo huipata michakato yake kwa kutembea kwenye orodha ileile iliyokatwa, kisha huchuja kwa namba. Mchakato usiokuwamo kwenye orodha hauchujwi, haupo tu. Jibu tupu hapo ni sauti ya kondakta yuleyule aliyeshindwa kuliona behewa. Baadhi ya amri hukubali kupewa mahali pa rekodi badala ya namba, na `dlllist`, inayoorodhesha mafaili ya msimbo yaliyopakiwa na mchakato, ni mojawapo, lakini inataka anwani halisi ya kumbukumbu na si ile ya pepe:

```
vol -f darasa.raw windows.psscan --physical
vol -f darasa.raw windows.dlllist --offset 0x3e63a030
```

Mstari wa kwanza wa jibu ni faili la programu yenyewe: `C:\Users\Public\svchost.exe`. `svchost.exe` ya kweli hukaa ndani ya `System32` na huanzishwa na `services.exe`. Hii yetu, `psscan` inaonyesha kwamba mzazi wake ni namba 1480, ambaye ni `explorer.exe`, yaani imeanzishwa kutoka kwenye eneo-kazi la mtumiaji. Hayo hayathibitishi kufichwa, ila yanatueleza kwa nini mtu angetaka kuificha.

Nyuzi ndizo ushahidi wangu wa mwisho. Endesheni `windows.thrdscan` na mtafute namba 2316. Zinatokea nyuzi tatu, hakuna hata moja yenye muda wa kuisha, na idadi inalingana na safu ya `Threads` katika `psscan`. Thamani ya njia hii iko kwenye udhaifu wa `psscan` yenyewe: lebo ya `Proc` haihitajiki ili mchakato uendelee kufanya kazi, kwa hiyo mvamizi anaweza kuifuta, na hapo `psscan` pia itapofuka. Nyuzi nazo zina lebo yake, naye anaweza kuifuta vilevile, ila atalazimika kufanya hivyo kwa kila uzi, na kwa kila uzi mpya utakaozaliwa. Amri ya `psxview` huziweka njia hizi kwenye jedwali moja, pamoja na ile ya kutazama michakato ambayo `csrss.exe`, mchakato wa Windows yenyewe, imeishika. Mkiitumia, msishtuke kwamba `System`, `smss.exe` na `csrss.exe` zinaonyesha `False` kwenye safu ya `csrss`. Hizo zilianza kabla ya `csrss.exe` kuwa na uwezo wa kuzishika.

Kikomo kimoja ni lazima nikiseme, kwa sababu tumetumia Windows ya zamani. Windows za biti 64 zina ulinzi uitwao PatchGuard, ambao hukagua miundo muhimu ya kiini, na orodha ya michakato ni mojawapo. Ukikuta imechezewa huiangusha mashine kwa kosa namba `0x109`. Mvamizi wa leo kwa hiyo mara nyingi haondoi mchakato kwenye orodha. Anaingiza msimbo wake ndani ya mchakato halali ambao kila mtu anauona, na huko `pslist` na `psscan` zitakubaliana kabisa bila kukuambia lolote. Hilo ni somo la kesho, na amri yake ni `malfind`.

Kuhusu uandishi wa taarifa, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa na kama ukamilifu wake umelindwa. Wakili wa upande wa pili hatawauliza Volatility ni nini. Atawauliza mlijuaje kwamba nakala yenu haikuchafuka wakati wa kunakili. Andikeni basi jumla ya SHA-256 ya nakala, inayoonyesha kwamba faili halijabadilika, saa ambayo kunakili kulianza, na kwa kila mchakato uliotofautiana, sababu iliyowafanya muuweke upande mliouweka. Kwa nakala ya jana sentensi ningeiandika hivi: «Michakato minne ilipatikana na `psscan` na haikupatikana na `pslist`, miwili ilikuwa imekwisha, mmoja ulianza wakati wa kunakili, na mmoja, namba 2316, viungo vya majirani zake vimeandikwa upya ilhali nyuzi zake tatu zilikuwa hai.»

Nakala ya pili iko kwenye folda ya `siku2`. Ina tofauti ya mistari sita, `winpmem` ilianza saa 11:02:47 za UTC, na mojawapo ya michakato hiyo ina muda wa kuisha ambao nisingeuamini. Tukutane hapa saa nane kamili mchana, baada ya chakula.